PS4 kwenye monita bubu: kiboksi kilichonipa sauti

Monita yangu ni ile ya ofisini, inchi 22, mtumba. Ina tundu la HDMI na picha yake ni safi, ila haina spika wala pa kuchomeka hedfoni. Siku ya kwanza nilicheza mpira dakika tisini sikusikia hata filimbi ya refa.

Mwanzoni nilitumia pedi, maana chini yake kuna tundu la hedfoni. Ukichomeka tu, utasikia sauti za wanaopiga soga mtandaoni, gemu lenyewe kimya. Ingia Settings, kisha Devices, kisha Audio Devices, na kwenye Output to Headphones uchague All Audio. Hapo kila kitu kinakuja sikioni, maiki nayo inafanya kazi, na hujatoa hata shilingi. Mwenye pedi nzima asisome zaidi. Mimi tundu langu limelegea. Nikisogeza kidole tu, sikio la kushoto linakata.

Ndipo nikanunua Kariakoo kiboksi cha kuchomoa sauti kwenye HDMI, elfu thelathini na tano. Waya wa PS4 unaingia upande mmoja, wa kwenda monita unatokea upande wa pili, na ubavuni kuna tundu la hedfoni. Umeme kinapata kwa waya wa USB. Nikafunga, picha ikaja, sauti hakuna. Nikajua nimepigwa.

Kumbe kosa lilikuwa kwenye kiswichi kidogo chenye PASS, 2CH na 5.1CH. Kabla ya kutuma chochote, PS4 huuliza kilicho mbele yake kinaweza kupokea nini. Kwenye PASS, kiboksi kinapeleka jibu la monita vilevile lilivyo, na monita yangu inajibu kwamba sauti haiijui. Basi PS4 haitumi sauti kabisa, na kiboksi hakina cha kuchomoa. Nikasogeza kiswichi kwenye 2CH ili kiboksi kijibu chenyewe kwamba kinapokea sauti ya njia mbili, kushoto na kulia, nikazima PS4 na kuiwasha upya. Sauti ikaja hata kabla ya menyu. Ukijaribu, chomoa kwanza hedfoni kwenye pedi, la sivyo sauti itaendelea kwenda huko.

Kasoro zipo. Nilipokipa umeme kutoka USB ya PS4 yenyewe, kulikuwa na mvumo mwembamba, ukisikika zaidi gemu likinyamaza. Nilipohamia chaja ya simu ukaisha. Hakina kitufe cha sauti, kwa hiyo natumia hedfoni yenye kirungu cha kupunguzia kwenye waya wake. Na maiki haipiti humo: sauti inatoka tu, hairudi. Jamaa zangu wa mtandaoni sasa wananisikia kwa simu, niliyoiegemeza kwenye kikombe cha chai.