Uzoefu wangu na autovacuum ya PostgreSQL: setingi za kawaida hazitoshi kwa tebo inayoapdetiwa sana

Natumia PostgreSQL kazini mwaka wa nne huu na naipenda kweli, ila hii autovacuum ilinitesa wiki mbili nzima. Tuna tebo inaitwa oda, ina rekodi kama milioni 10, na kila oda inabadilishwa hali mara kadhaa kwa siku, yaani muda wa pilika inakula apdeti 300 hivi kwa sekunde. Sasa PostgreSQL ukiapdeti haifuti rekodi ya zamani, inaandika mpya na ile ya zamani inabaki imekufa palepale mpaka vacuum ipite isafishe.

Kwa setingi inayokuja nayo, vacuum inasubiri waliokufa wafike asilimia 20 ya tebo, jumlisha 50. Piga hesabu, kwangu ni milioni 2 na ushee, karibu saa mbili za kazi, halafu ikianza inakwenda polepole kwa makusudi isibane disiki, ikawa inachukua saa tatu. Kabla haijamaliza wameshakufa wengine zaidi ya milioni 3! Tebo ya GB 6 ikavimba hadi GB 31, na kweri iliyokuwa inajibu hapohapo ikawa inachukua sekunde nne.

Nilijua kwa kuangalia n_dead_tup na last_autovacuum kwenye pg_stat_user_tables. Sikugusa setingi za seva nzima, nilibadilisha tebo hiyo tu:

```sql
ALTER TABLE oda SET (
  autovacuum_vacuum_scale_factor = 0.02,
  autovacuum_vacuum_threshold = 1000,
  autovacuum_vacuum_cost_limit = 2000
);
```

Sasa inaanza wakifika 201,000, kama kila dakika 11 kukiwa na pilika, na cost_limit imepanda mara kumi kutoka 200 kwa hiyo inamaliza haraka. Usishushe sana hiyo namba ya kwanza lakini, maana vacuum mara nyingi inalazimika kupitia indeksi zote nzimanzima, na kama unazo nyingi utaichosha disiki bure.

Siku ya kwanza nilibadilisha na n_dead_tup haikushuka hata kidogo, nikahisi nimekosea. Nikaendesha VACUUM VERBOSE ikaniambia "dead but not yet removable", kumbe kuna mtu wa ripoti alifungua transaksheni asubuhi akaiacha wazi kwa muda wa saa nne, inaonekana kwenye pg_stat_activity kama idle in transaction. Ikiwa hivyo vacuum haina ruhusa ya kuwaondoa hata ukiiongezea nguvu vipi. Nikaiua, nikaweka na idle_in_transaction_session_timeout ya dakika 10.

Kilichoniudhi ni kwamba faili halipungui, nafasi inatumika tena humohumo ndani lakini disiki hairudishiwi. VACUUM FULL inarudisha ila inafunga tebo, hata kusoma huwezi, kwa hiyo nilitumia pg_repack usiku wa Jumapili, ikarudi GB 7.

Nyota nne.