Unga wa kabla ya mazoezi: nilichoona kwenye mashine ya presha

Nguvu unatoa, hilo silipingi. Lakini nusu saa baada ya kunywa, kabla hata sijagusa chuma, moyo ulikuwa unagonga hadi nausikia masikioni. Nikaanza kupima, siku za unga na siku zisizo na unga, saa ileile ya jioni.

Kopo linasema kijiko kimoja kina miligramu 300 za kafeini, karibu vikombe vitatu vya kahawa kwa mkupuo mmoja. EFSA, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, ilieleza mwaka 2015 kwamba kwa mtu mzima mwenye afya miligramu 200 kwa mara moja hazina shida. Kijiko hiki kinavuka hapo.

Bila unga, nikishakaa kimya dakika 5, presha yangu huwa 118 kwa 74 na mapigo 66. Dakika 45 baada ya kijiko kizima nilisoma 136 kwa 86, mapigo 71. Mapigo yaliongezeka kidogo tu. Kilichopanda hasa ni presha. Kafeini huzuia adenosini, ambayo kazi yake ni kutuliza mwili na kulegeza mishipa, na adrenalini nayo huongezeka. Mishipa inabana, moyo unasukuma kwa nguvu zaidi. Ndiyo sababu unasikia kishindo huku namba ya mapigo ikionekana ya kawaida. Hata kwenye mashine ya kukimbilia, kwa mwendo uleule, mapigo yalikuwa karibu sawa siku zote.

Saa ya mkononi usiiamini sana ukiwa unanyanyua vyuma. Husoma damu kwa mwanga, na ukikaza mkono inapotea: mara moja ilinionyesha 178 wakati mkanda wa kifuani ulisoma 132. Muwasho wa usoni nao si moyo, unaletwa na beta-alanini, kiambato kingine cha unga huu.

Kinachonikera zaidi ni maneno "mchanganyiko maalumu" kwenye lebo. Ndani yake imo yohimbini, ambayo yenyewe hupandisha presha na mapigo, lakini kiasi chake hakikuandikwa. Kafeini naweza kuipunguza kwa hesabu. Hiyo nyingine siwezi. Halafu kafeini huchukua kama saa 5 kupungua nusu, kwa hiyo anayekunywa saa 12 jioni bado ana miligramu 150 hivi saa 5 usiku. Usingizi wangu ulionyesha.

Naupa nyota 2 kati ya 5. Ukiutaka, tafuta wenye kiasi cha kila kiambato, anza na nusu kijiko, pima presha kabla na baada. Mwenye presha ya juu au anayetumia dawa za moyo asiuguse. Na mapigo yakianza kuruka-ruka, kifua kikabana au kizunguzungu kikakushika, acha mazoezi uende hospitali, na kopo ulibebe ili daktari asome mwenyewe kilichomo.