Laini ya saa: nilipiga simu, dada akadhani ni tapeli

Sina ugomvi na saa. Niseme hilo mapema, kwa sababu mnaojua nimehamia Apple Watch yenye laini mtadhani nimekuja kulalamikia kifaa. Mwenye kesi ni mtandao wangu wa simu, ambao siutaji jina, na zaidi yule bwana wa dukani kwao aliyeniuliza mbele ya foleni nzima: "Kama simu unayo, unapiga kwa saa ya nini?"

Napiga kwa saa kwa sababu nakimbia asubuhi na sitaki jiwe la simu linigonge pajani. Na kwa sababu huduma hiyo mnaiuza ninyi wenyewe, na mnanikata hela yake kila mwezi.

Kwa wasiojua, saa janja karibu zote siku hizi "zinapiga simu", ila nyingi hupiga kupitia Bluetooth. Hapo anayepiga kwa kweli ni simu iliyo mfukoni, saa ni kipaza sauti tu. Iache simu nyumbani uone. Ninayoizungumzia mimi ni ile yenye eSIM yake ndani, yaani laini isiyo ya kadi, inayoshika mnara yenyewe. Na kwa mtu mzima anayeiunganisha na simu yake, lengo ni kwamba saa itumie namba ileile ya simu. Ukipiga kwa saa, wa upande wa pili aone namba yako anayoijua. Akikupigia, simu na saa vilie pamoja, upokee popote.

Kuiweka laini kulikuwa rahisi hadi nikatabasamu. Kwenye iPhone unafungua programu ya Watch, unaingia "Cellular", unagusa "Set Up Cellular". Ukurasa wa mtandao wako unafunguka humohumo, unathibitisha namba, unakubali masharti na bei, basi. Nyuma ya pazia simu inaipeleka EID ya saa, ile namba ndefu ya tarakimu 32 inayoitambulisha chipu ya eSIM, kwenye seva ya mtandao. Mtandao unaandaa laini kwa ajili ya chipu hiyo pekee, na saa inaipakua. Hakuna kadi, hakuna sindano ya kutobolea kitundu. Baada ya dakika chache alama ya mtandao kwenye saa ikawa ya kijani. Siku hiyo ningewapa nyota tano, na ningewapa kwa moyo mweupe.

Kesho yake nikatoka bila simu. Muziki ukapiga, ramani ikafunguka, kila kitu sawa. Nikampigia dada yangu. Ikaita, akakata. Nikapiga tena, akakata tena. Niliporudi nikakuta ameniandikia kwenye simu: "Kuna tapeli ananisumbua toka asubuhi, namba ya ajabu ajabu, usije ukaipokea." Tapeli ndiye mimi. Aliponitumia picha ya kioo chake nikaona namba ambayo sijawahi kuiona maishani. Alikuwa ameshajaribu kuipigia ili atukane, akaambiwa haipo.

Na mtu akinipigia mimi kwenye namba yangu ya siku zote, saa kimya. Ilikuwa inalia tu simu ikiwa karibu, yaani kwa Bluetooth ileile ambayo hata saa ya bei nafuu inayo.

Sababu ya hili nilikuja kuielewa baadaye, na ningependa kila anayefikiria kulipia huduma hii aijue kabla. Kazi ni mbili, si moja. Ya kwanza ni kuishusha laini kwenye chipu ya saa, na hiyo ndiyo unayoiona kwenye kioo. Laini hiyo ina namba yake ya siri, ambayo haikusudiwi uione wewe wala mtu mwingine. Ya pili inafanyika ndani ya mitambo ya mtandao: namba ya siri inafungwa pamoja na namba yako halisi, ili simu inayotoka ibadilishiwe sura na inayoingia igawanywe kwa vifaa viwili. Kazi ya pili isipofanyika, saa haina njia ya kujua. Intaneti itapita vizuri, alama itakuwa ya kijani, programu itaandika kwamba laini iko hai. Utajua siku utakapomwona dada yako amekuita tapeli.

Sasa njoo tuwaone huduma kwa wateja. Wa kwanza akasema nizime saa niwashe. Sawa, nikazima nikawasha. Wa pili akaniuliza kama alama ni ya kijani, nikasema ndiyo, akasema, "Basi mpendwa mteja, huduma yako inafanya kazi vizuri kabisa." Nikamweleza suala la namba. Akarudia sentensi ileile neno kwa neno, na bado nasikia ile "kabisa" yake. Wa tatu akataka anitumie msimbo wa QR kwa barua pepe niuskani kwa simu. Hapo nilimkatalia, kwa sababu laini ya eSIM inayoskaniwa na simu inaingia kwenye chipu ya simu, si ya saa, na misimbo mingi ya namna hiyo ikishatumika mara moja haitumiki tena. Najua ipo mitandao inayotumia QR kuweka laini ya saa, lakini huskaniwa ndani ya programu ya saa, na huu wangu haukuwa mmojawapo. Yeye hakujua. Alikuwa anasoma karatasi.

Ndipo nikaenda dukani, na ndipo nikakutana na yule bwana. Sikumjibu. Nilizima simu yangu mbele yake, nikazima na Wi-Fi ya saa, nikasubiri alama ya kijani itokee, nikamwomba namba yake nikampigia kwa saa. Kioo chake kikaonyesha namba ya ajabu. Nikamwambia, sasa nipigie wewe. Akapiga, akasikia sauti, aah, hata kuandika kunanikera, ikimwambia kwamba mteja hapatikani, na saa iko mkononi mwangu ina mtandao kamili. Akaita mwenzake.

Jaribio hilo mlifanye siku ileile mnapowekewa laini, na mlifanye kwa namna hiyo. Kuiacha simu chumba cha pili hakutoshi, kwa sababu saa itaipata kwa Bluetooth au kwa Wi-Fi ya nyumbani na utadhani laini inafanya kazi. Zima simu kabisa, zima Wi-Fi ya saa, piga kwa mtu ambaye unaweza kuona kioo chake, kisha akupigie. Pande zote mbili. Mimi upande mmoja tu ungenidanganya.

Huyo mwenzake, dada mmoja mpole ambaye ndiye sababu pekee ya nyota zozote zitakazobaki hapa, aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Kaka, hivi karibuni ulibadilisha laini ya simu yenyewe?" Nilikuwa nimehamisha laini yangu kutoka kadi ya plastiki kwenda eSIM ya simu, dukani kwao, kwa mikono yao. Namba ni ileile, lakini utambulisho wa laini ndani ya mtandao hubadilika. Kwa maelezo yake, kiungo cha saa kilikuwa kimefungwa kwenye utambulisho wa ile kadi ya zamani ambayo imeshakufa. Kwa hiyo namba ya siri haikuwa na namba halisi ya kujivika, ikawa inatoka uchi.

Dawa yake ilikuwa na mpangilio, na mpangilio ndio wenyewe. Kwanza aliiondoa huduma ya saa kwenye namba yangu upande wao, akasubiri mfumo wake uonyeshe kwamba imeondoka kweli. Ndipo akaniambia nifungue "Cellular" kwenye programu ya Watch, niguse alama ya maelezo kando ya laini, niiondoe. Alisema wengi huifuta kwenye saa tu, kule kwenye mtandao EID inabaki imeshikiliwa, na ukijaribu kuweka upya unakataliwa bila maelezo ya maana. Tukazima na kuwasha vifaa vyote viwili, tukaanza "Set Up Cellular" upya. Nikampigia yule bwana wa kwanza. Kioo chake kikaandika namba yangu. Hakusema pole.

Tangu hapo inafanya kazi, na nakiri inafanya kazi vizuri. Sauti ni safi kuliko nilivyotegemea, ila kwenye upepo tumia visikizi. Nakimbia mkono mtupu, dada anapokea, raha. Chaji inaliwa haraka ukiongea kwa laini ya saa, zaidi ukiwa sehemu yenye mtandao hafifu, maana kibetri kile kidogo ndicho kinachohangaika kuufikia mnara. Mimi naongea mafupi. Na msizime simu kila mara kwa kuwa mna saa: ujumbe mfupi wa kawaida na arifa za programu nyingi hufika kwenye saa kupitia simu, hivyo simu inatakiwa iwe imewashwa na ina mtandao, hata kama iko mbali.

Nilikuwa nimepanga kuwapa nyota nne baada ya yule dada kunitengenezea. Kisha ikaja bili. Wamenitoza ada ya saa kwa kipindi chote ambacho saa yangu ilikuwa tapeli, na wameongeza ada ya kuunganisha mara ya pili, kana kwamba mimi ndiye niliyeomba kuunganishwa mara ya pili. Nimepiga simu kudai. Nimejibiwa kwamba kwa kumbukumbu zao huduma ilikuwa hai wakati wote, tena "kabisa", kwa sababu intaneti ilitumika.

Nyota mbili, na zote ni za yule dada. Ningehama leo, ila laini ya saa lazima iwe ya mtandao uleule wa simu. Nikihama na namba yangu, ya saa inakufa, na itabidi nianze upya kwa watu wengine. Kabla ya kusaini huko nitazima simu yangu mezani kwao na kuwaambia wanipigie.