Uzoefu wangu: kubadilishiwa mafuta ya breki Kisumu, na maana ya nyuzi zilizoandikwa kwenye chupa

Gari langu ni Probox inayoshuka mara kwa mara kutoka Nandi Hills hadi Chemelil ikiwa na mzigo, kisha hulala Kisumu, ambako hewa ya ziwa ina unyevu mwingi karibu mwaka mzima. Tathmini hii inahusu huduma ya kubadilisha mafuta yote ya breki niliyoipata katika gereji moja hapa mjini, pamoja na chupa za mafuta ya daraja la DOT 4 zilizotumika.

Dalili iliyonipeleka gereji ilikuwa hii: nikiwa katikati ya mteremko, baada ya kukanyaga breki kwa muda mrefu, pedali ilikuwa laini ghafla ikazama karibu na sakafu. Nilirudisha gia ndogo, nikaegesha pembeni, na breki zilipopoa pedali ilirudi kuwa ngumu kana kwamba hakuna lililotokea. Gereji ya kwanza haikuona kasoro yoyote, kwa sababu gari lilifika pale likiwa limepoa.

Fundi wa gereji ya pili alianza kwa swali moja: "Mwalimu, pedali ilizama, au ilibaki ngumu na gari likakataa kusimama?" Swali hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Pedali ikibaki ngumu huku gari likikataa kusimama, kwa kawaida pedi zimepata joto kupita kiasi na zimepoteza mshiko. Pedali ikizama polepole hata breki zikiwa baridi, masta silinda, yaani pampu inayosukumwa na pedali, ndiyo ya kushukiwa. Lakini ikizama breki zikiwa moto, kisha irudi zikipoa, mafuta yamechemka ndani ya kalipa, kile chombo cha gurudumuni kinachozibana pedi kwenye diski. Majimaji hayabaniki, kwa hiyo nguvu ya mguu hufika kwenye magurudumu. Mvuke hubanika, na mguu huishia kuubana mvuke huo badala ya kuzisukuma pedi. Joto likishuka mvuke hugeuka tena kuwa majimaji, na ushahidi wote unapotea.

Hatari huwa kubwa hasa mara tu baada ya kuachia breki au kusimama. Wakati pedali imekanyagwa, shinikizo ndani ya mabomba huzuia mafuta yasichemke. Ukiiachia, shinikizo hilo huondoka, ilhali joto la diski na pedi linaendelea kuingia kwenye kalipa. Ndiyo maana mtu anaweza kushuka salama, akapumzika kidogo, kisha akakanyaga na kukosa breki.

Maji huingia vipi katika mfumo uliofungwa? Mafuta ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya glikoli, ambazo molekuli zake zina sehemu zenye oksijeni zinazoivuta na kuishika molekuli ya maji. Unyevu hupita kwenye tundu dogo la kupumulia lililo katika kifuniko cha kitungi cha mafuta ya breki, na pia hupenya taratibu kwenye mipira ya breki iliyo karibu na magurudumu, hata kama mipira hiyo haivuji tone. Wengi huiona tabia hii kuwa udhaifu mtupu, nami siafiki. Mafuta yanayoyakataa maji, kama yale ya silikoni yanayoitwa DOT 5, huyaacha yakusanyike mahali pa chini kabisa, yaani kwenye kalipa, ambako yanaweza kuchemka karibu na nyuzi 100 na kuleta kutu. Glikoli huyasambaza maji hayo katika mafuta yote, hivyo kiwango cha kuchemka hushuka kwa jumla badala ya maji kuchemka peke yake mahali pamoja. (DOT 5 na DOT 5.1 ni vitu viwili tofauti kabisa na havichanganywi, ingawa majina yanafanana.)

Sasa nyuzi zenyewe. Kiwango kikavu ni joto ambalo mafuta mapya, yasiyo na maji, huchemka. Kiwango chenye maji hupimwa baada ya mafuta kunyonyeshwa unyevu kwenye maabara mpaka yawe na takriban asilimia 3.7 ya maji, ambayo ni kama vijiko saba vidogo vya chai katika lita moja. Kwa DOT 3, kiwango cha chini kinachoruhusiwa ni nyuzi 205 za Selsiasi yakiwa makavu na 140 yakiwa na maji. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Tazama jambo linalojificha hapo: DOT 4 iliyokwisha kunywa maji inaweza kuchemka mapema kuliko DOT 3 iliyofunguliwa leo. Mimi sasa nikinunua husoma kwanza namba ya pili, kwa sababu gari huishi na namba kavu kwa muda mfupi tu. Isitoshe, maji ya kwanza ndiyo yanayoshusha kiwango kwa kasi zaidi. Yale yanayofuata hushusha kidogo kidogo.

Fundi alikuwa na kifaa kinachochemsha sampuli ndogo ya mafuta na kuonyesha joto halisi. Sampuli ya kwenye kitungi ilisoma nyuzi 171. Kisha akalegeza skrubu ya kutolea hewa kwenye kalipa ya mbele kushoto, akakinga mafuta yenye rangi ya majani ya chai, nayo yakasoma 149. Tofauti hiyo ina sababu: mafuta ya breki hayazunguki kama oili ya injini, na unyevu unaopenya mpira hubaki kule kule gurudumuni, mahali penye joto kuliko kote. Kwa hiyo anayepima kitungi peke yake anaweza kuambiwa kwamba mambo ni shwari. Vile vipimo vya kalamu vinavyowasha taa navyo hukisia maji kwa kupima umeme unavyopita, na usomaji wake hubadilika kulingana na aina ya mafuta.

Chupa mpya ziliandikwa 265 na 170. Zilikuwa na lakiri ya foili chini ya kifuniko, na fundi alinionyesha kabla ya kuivunja. Duka moja nililopita awali lilikuwa likimimina kutoka kwenye debe lililokwisha kufunguliwa, na nilikataa, kwa kuwa mafuta yaliyokaa wazi huanza kunywa unyevu yakiwa bado rafuni. Alinyonya mafuta ya zamani kwenye kitungi, akajaza mapya, akatoa ya zamani gurudumu moja baada ya jingine mpaka rangi ikawa safi, huku msaidizi wake akihakikisha kitungi hakikauki, kwani kingekauka hewa ingeingia. Sampuli ya mwisho kutoka kalipa ile ile ilisoma 252. Pungufu hilo halikunisumbua: mabaki machache ya zamani hubaki, na Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako kila majimaji huchemka nyuzi chache mapema.

Nimeteremka tena na mzigo ule ule, na pedali imebaki ngumu hadi Chemelil. Naipa gereji hii alama nne kati ya tano. Moja nimeipunguza kwa sababu risiti iliandikwa "breki" tu. Ilibidi niombe tarehe, aina ya mafuta na vipimo vya kalipa viandikwe, na bila hivyo fundi atakayepima mwakani hatakuwa na cha kulinganisha nacho.