Uzoefu wangu na SUMIFS: mauzo ya mbolea ya msimu, kutoka tarehe hadi tarehe

Kwa anayeweka hesabu za duka la pembejeo huku Mbeya, mwezi wa kalenda hausemi mengi. Mvua zikianza Novemba watu wanafuata mbolea ya kupandia, na swali la mwenye duka huwa hili: tumeuza mbolea ya shilingi ngapi kuanzia tarehe 15 Novemba hadi 31 Desemba? Anataka mbolea peke yake, bila mbegu wala dawa, na ndani ya tarehe hizo tu. Hapo kuna masharti matatu: kundi la bidhaa, tarehe ya kuanzia na tarehe ya kuishia. SUMIF ya zamani inabeba sharti moja tu. SUMIFS, iliyoingia na Excel 2007, inabeba yote kwa pamoja, na kwenye Google Sheets inaandikwa vilevile. Naitathmini kwa kazi hiyo moja.

Tuchukue shiti fupi. Safu A ni tarehe, B kundi, C bidhaa, D mifuko, E kiasi cha fedha. Bei ni za mfano. Nimeiacha safu ya mifuko ili isijaze nafasi:

```
     A           B        C         E
2    14/11/2024  Mbolea   DAP       210000
3    15/11/2024  Mbolea   DAP       350000
4    22/11/2024  Mbegu    Mahindi    96000
5    03/12/2024  Mbolea   UREA      140000
6    19/12/2024  Mbolea   DAP       280000
7    31/12/2024  Mbolea   UREA       70000
8    02/01/2025  Mbolea   CAN       130000
```

Tarehe ya kuanzia, 15/11/2024, iko G1. Ya kuishia, 31/12/2024, iko G2. Neno Mbolea liko G3. Fomula ninayoitumia ni hii:

```
=SUMIFS($E$2:$E$2000,$B$2:$B$2000,$G$3,
 $A$2:$A$2000,">="&$G$1,
 $A$2:$A$2000,"<"&$G$2+1)
```

Jibu ni 840,000: mistari ya 3, 5, 6 na 7. Mstari wa 2 umeachwa kwa sababu ni siku moja kabla, wa 4 ni mbegu, na wa 8 umeshavuka mwaka.

Aliyezoea SUMIF aangalie mpangilio. Kule safu ya kujumlisha inakaa mwisho, huku inatangulia. Baada yake ni jozi jozi: safu ya kuchunguza, kisha sharti lake. Safu ya tarehe inarudiwa mara mbili kwa sababu ina masharti mawili, wala si kosa. Alama ya kulinganisha lazima ikae ndani ya funga na fungua semi, halafu & iiunganishe na kisanduku. Ukiandika ">=G1" yote ndani ya semi, Excel haiendi kwenye kisanduku G1. Inayachukua hayo kama maandishi matupu, na jibu linakuwa 0 bila onyo lolote.

Sasa, kwa nini niandike "<"&$G$2+1 badala ya "<="&$G$2, ambayo ndiyo wengi wanaanza nayo? Kwa Excel tarehe ni namba ya siku. Tarehe 15/11/2024 ni 45611, na 31/12/2024 ni 45657. Saa ni sehemu ya siku, kwa hiyo mauzo ya 31 Desemba saa 10:20 jioni yamehifadhiwa kama 45657.68, hata kama kisanduku kinaonyesha tarehe peke yake. Namba hiyo ni kubwa kuliko 45657, basi "<="&$G$2 inaitupa nje. Kwenye shiti letu mstari wa 7 ungepotea na jibu lingeshuka hadi 770,000. Saa zinaingia kwa njia mbili za kawaida: miamala iliyonakiliwa kutoka taarifa ya pesa za simu, na tarehe iliyowekwa kwa =NOW(). Hiyo ya pili ina ubaya mwingine, inabadilika kila faili likikokotolewa upya. Kwa tarehe ya leo isiyosogea bonyeza Ctrl na nukta mkato (;). Ukisema "chini ya siku inayofuata" unakuwa umeichukua siku ya mwisho nzima, asubuhi hadi usiku. Kujumlisha moja kunafanyika kabla ya &, ndiyo maana mabano hayahitajiki.

Hapa ndipo naipunguzia alama: SUMIFS haikwambii kwamba data ni mbovu. Inajumlisha inachokitambua na kunyamaza kuhusu kingine. Kwa watu wa duka ubaya mkubwa unatoka kwenye mpangilio wa tarehe wa kompyuta. Sisi tunaandika siku, mwezi, mwaka. Kompyuta nyingi zinafika dukani zikiwa na mpangilio wa Marekani, mwezi ukitangulia siku. Ukichapa 15/11/2024 kwenye kompyuta kama hiyo, haipati mwezi wa 15, kwa hiyo inaiacha kama maandishi, na maandishi hayapimwi na >= wala <. Ukichapa 03/12/2024 inaikubali, lakini kwake ni 12 Machi. Shiti letu lote likichapwa hivyo, jibu ni 0. Sifuri walau inashtua. Kwenye daftari refu hushtuki, kwa sababu 12/11/2024, siku ambayo haimo kabisa kwenye kipindi chetu, inageuka 11 Desemba na kuingia ndani, huku 11/12/2024 ikigeuka 12 Novemba na kutoka nje. Jibu linakuja na namba nzuri tu yenye sura ya ukweli.

Maandishi yanajulikana kwa macho: tarehe halisi inaegemea kulia mwa kisanduku, maandishi yanaegemea kushoto, mradi hakuna aliyechezea upangaji. Usitegemee macho kwa mistari 2,000. Weka hii pembeni:

```
=COUNTA(A2:A2000)-COUNT(A2:A2000)
```

COUNTA inahesabu visanduku vyote vyenye kitu, COUNT inahesabu namba tu. Tofauti ndiyo idadi ya tarehe zilizobaki maandishi, na inatakiwa iwe 0. Zilizogeuzwa siku na mwezi haitazikamata kwa sababu hizo ni namba halali. Kwa hizo angalia =MIN(A2:A2000): kwa shiti letu lililoharibika ingeleta 12 Machi 2024, wakati daftari linaanza Novemba. Kama mauzo yanaandikwa kwa mfululizo, weka pia =A3<A2 kwenye safu ya akiba na uishushe chini. Inakupa TRUE kila tarehe inaporudi nyuma.

Kurekebisha, anza na kompyuta yenyewe: kwenye Region ya Windows weka tarehe fupi dd/MM/yyyy, na kwenye Google Sheets badilisha Locale ndani ya File, Settings. Tarehe zilizobaki maandishi zichague, nenda Data, Text to Columns, pita hadi hatua ya tatu, chagua Date na DMY, kisha Finish. Zile zilizokwisha kugeuzwa usizifukuzie moja moja, rudi kwenye chanzo uzilete upya baada ya kubadili mpangilio. Kubadili namna tarehe inavyoonekana kwenye Format Cells hakusaidii chochote, kwa sababu kunabadilisha sura tu na namba ya ndani inabaki ileile.

Ugonjwa wa pili ni wetu kabisa: kuandika 70,000/= ndani ya kisanduku cha fedha. Ile /= inakigeuza kiasi kuwa maandishi, na SUMIFS inakiruka. Kama unataka ionekane kwenye karatasi ya kuchapisha, andika 70000 tupu, halafu Format Cells, Custom, uweke #,##0"/=". Hesabu ya COUNTA kutoa COUNT inafaa kwenye safu E pia.

Kwa kundi, herufi kubwa na ndogo hazina shida, "mbolea" na "MBOLEA" ni kitu kimoja kwake. Nafasi moja iliyobaki mwishoni ina shida. Tuseme mstari wa 6 umeandikwa Mbolea na nafasi nyuma yake: jibu linakuwa 560,000. Dawa yake ni kutomruhusu mtu kuchapa kundi kwa mkono. Tumia Data Validation, List, achague Mbolea, Mbegu au Dawa. Kisha weka mizani: jumla ya makundi yote kwa tarehe hizohizo, fomula ileile ikiondolewa jozi ya safu B. Kwa shiti safi inaleta 936,000, na hiyo ni sawa na mbolea 840,000 pamoja na mbegu 96,000. Kwa shiti lenye nafasi ya ziada, makundi yanafika 656,000 na upungufu ni 280,000, kiasi kilekile cha mstari wa 6. Upungufu wenyewe unakupeleka kwenye kosa.

Safu zikitofautiana urefu, E hadi 2000 na B hadi 1999, unapata #VALUE! na unalijua kosa. Zikilingana urefu lakini zikapishana mstari, E2:E2000 na B3:B2001, inakubali kimya kimya na kuoanisha fedha za mstari mmoja na kundi la mstari wa chini yake. Ndiyo maana sichapi safu kwa mkono, na alama za $ siziachi.

Masharti yote yanadaiwa kwa pamoja. Ukitaka DAP na UREA, usiiweke safu C mara mbili kwa majina mawili, maana hakuna mstari ulio DAP na UREA kwa wakati mmoja, utapata 0. Andika SUMIFS mbili na + katikati. Kwa mfano wetu DAP ni 630,000 na UREA 210,000.

Nyota nne kati ya tano. Ninayemwona haihitaji ni anayetaka kuvinjari makundi na miezi bila swali maalumu, huyo PivotTable itamfaa zaidi. Kwa swali moja lenye tarehe zake, linaloulizwa kila msimu, nabadilisha G1 na G2 tu. Nyota iliyobaki ni kwa ule ukimya, na kwa jambo moja zaidi: SUMIFS inayosoma faili jingine la Excel inaleta #VALUE! faili hilo likiwa limefungwa na hesabu ikarudiwa. Mwenye maduka mawili, mathalani Uyole na Mbalizi, ayaweke mauzo yote kwenye faili moja na kuongeza safu ya tawi, ambayo inakuwa jozi ya nne kwenye fomula.