Simulizi ya mteja kwa duka la pampu: kazi hii umpe nani?

Mkulima wa Magu haamini bango. Anamwamini mwenzake aliyenunua pampu msimu uliopita. Ndiyo maana wenye maduka ya zana za kilimo hapa Mwanza wanalipia simulizi za wateja, zile ambazo wasomi huziita uchunguzi kifani. Wauzaji wa kazi hiyo wako wa aina nne. Ninawapanga kwa swali moja: ni nani atarudi na namba alizozipima mwenyewe shambani?

1. Mwandishi anayekwenda shambani mara mbili

Huyu ndiye wa kwanza, hata kama ni ghali. Mara ya kwanza anakwenda mashine inapofungwa, mara ya pili baada ya mavuno. Anabeba saa, pipa la lita 200 na kidumu chenye alama za lita.

Tuchukue ekari moja ya nyanya na pampu ya petroli ya inchi 2. Kibati chake kinasema mita za ujazo 30 kwa saa. Mwandishi anaweka pipa mwisho wa mpira, pale maji yanapoingia kwenye matuta, na linajaa kwa sekunde 48. Hiyo ni mita za ujazo 15 kwa saa, nusu ya kibati, kwa sababu mpira ni mrefu na shamba limepanda. Ekari hiyo ikihitaji milimita 5 za maji kwa siku, ni kama lita 20,000. Ukimwagilia kila baada ya siku tatu, ni saa nne za kazi. Petroli anaipima kwa kujaza tangi hadi juu kabla ya kuanza, kisha kulijaza tena baada ya kumaliza. Zikiingia lita 5, ndiyo namba ya kuandika. Msomaji ataizidisha kwa bei ya kituo cha kwao bila kusaidiwa.

Kisha anauliza habari za kuharibika. Hapa wenye maduka wengi hunikatalia, nami huwa sikubali. Kuna simulizi niliyoandika ambayo pampu iliacha kuvuta katikati ya msimu. Injini ilinguruma vizuri, maji hayakuja. Magugu maji yalikuwa yameziba chujio, na klipu ya mpira wa kuvuta ilikuwa imelegea, inapitisha hewa. Fundi wa duka alifika siku ya pili akiwa na klipu mpya. Mwenye duka alitaka aya hiyo ifutwe. Tuliiacha, na mkulima mmoja aliyekuja kununua alisema, "Bei nilishaijua. Nilitaka kujua ikigoma nani anakuja."

Mlipe nusu mwanzoni, nusu akileta vipimo. Akusanye pia ridhaa ya mkulima kwa maandishi, kwa jina na kwa picha, maana tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

2. Fundi wako, pamoja na mhariri

Kwa duka dogo hii inatosha. Fundi anajua kupima, na wakulima wanamfahamu. Tatizo lake ni kwamba mkulima hatamlalamikia usoni mtu aliyemfungia mashine. Mhariri ampigie mkulima simu peke yake, fundi akiwa hayupo.

3. Video au kipindi cha redio

Inafika mbali, ila mkulima akisimamishwa mbele ya kamera na mwenye duka kando yake, utapata "nashukuru sana" na basi. Inunue baadaye, ukiwa tayari na namba za simulizi iliyoandikwa. Angalia pia mandhari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Picha ya nyanya zinazogusa maji ni ushahidi dhidi ya mteja wako. Muulize pia kama ana kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria.

4. Mwandishi asiyeondoka mjini

Ni rahisi na ana haraka: anatafsiri kijitabu cha kiwanda na kuongeza jina la kijiji. Utamjua kwa namba zake, zote ni za kwenye kibati. Ataandika kwamba pampu inavuta maji kutoka kina cha mita 8. Ziwa letu liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani. Hewa hiyo ndiyo inayosukuma maji ndani ya mpira, kwa hiyo kina cha kuvuta kinapungua kwa zaidi ya mita moja. Mkulima ambaye ukingo wake uko mita saba na nusu juu ya maji atasoma, atanunua, na wiki ijayo atakuwa kaunta kwako na mashine begani.