Cherehani ya mkono, ya miguu ama ya stima? Zawadi ya mwanamke anayeanza ushoni

Assalaam alaykum jamani, karibuni, leo niko hapa Malindi na cherehani tatu sababu wengi mumeniuliza mtu akitaka kumnunulia mkewe ama dadake anayeanza ushoni ampe ipi. Mdogo wangu yuko Lamu, Langoni, kaanza kushona madera, mimi nilimpelekea ya miguu na ningenunua tena hiyohiyo.

Hii ya mkono ni nyepesi, haitaki stima, lakini tazameni, mkono wa kulia unazungusha hendeli, umebaki mmoja tu wa kuongoza kitambaa, na kitambaa cha dera mnakijua kinavyoteleza, ukifika shingoni utateseka. Pindo la leso sawa.

Ya stima ni tamu, ina zigizaga, matundu ya vifungo yatoka safi, ila stima ikipotea kazi imelala, na anayeanza akigusa pedali mashine inakimbia kabla mkono haujazoea.

Sasa hii ya miguu mikono yote miwili iko kwenye kitambaa na mwendo anaupanga mwenyewe. Hebu niigeuze muone hapa nyuma, chini ya gurudumu, hili tundu la skrubu ndipo mota inapofungwa, kwa hiyo anaanza kwa miguu, wateja wakija anaongeza mota kwenye kichwa hichohicho. Kabla hujalipa angalia tundu hilo lipo, halafu shona kipande cha leso kilichokunjwa mara mbili ukigeuze, chini ukiona vitanzi vya uzi pitisha uzi wa juu upya na ukaze kidogo tenshen, kile kirungu kinachobana uzi huo wa juu, vikibaki vilevile achana nayo.

Kitu kimoja lazima umwambie. Wiki ya kwanza mdogo wangu alinipigia karibu kulia, uzi wakatika, chini umejisokota fundo, akadhani nimempa mashine mbovu. Kumbe miguu yake ilikuwa inarudisha gurudumu nyuma! Gurudumu lizunguke kuja kwako wewe uliyekaa. Nikamwambia toa uzi, inua kile kiguu kinachobana kitambaa, lianzishe gurudumu kwa mkono kuja kwako ndipo miguu ifuate, fanya hivyo mpaka uweze kusimamisha na kuanza bila kurudi nyuma, kisha chukua karatasi ya daftari, teremsha kiguu juu yake, ushone juu ya mistari, bado bila uzi. Siku tatu hivi akawa sawa.

Anayepeleka Lamu ajue lile stendi la chuma ni zito, kutoka Mokowe ni boti halafu punda, afungue kichwa akifunge peke yake kwenye godoro ama leso nzito. Na hewa yetu ya chumvi inaleta kutu upesi, kwa hiyo kwenye zawadi tia chupa ya mafuta ya cherehani, tone moja kila tundu la mafuta, halafu ashone kitambaa kibovu kwanza mpaka kisitoke doa, ndipo aguse kanzu nyeupe ya mtu.